Hesabu za mwaka za hoteli: faida imerudi, deni limeshuka, mbona pesa hazionekani?

kijana_wa_shella (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo la hesabu.

Mamangu na ndugu zake wana hisa katika kampuni inayomiliki hoteli moja hapa Malindi. Waliachiwa na babu. Kampuni haiko kwenye soko la hisa, kwa hivyo habari zake tunazipata mara moja kwa mwaka, kitabu cha hesabu kikija. Cha safari hii ni cha mwaka ulioishia 31 Desemba 2024 na kina kurasa 58. Wazee wamenikabidhi niwafupishie kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili: faida, deni na pesa. Wanataka waende mkutano mkuu wakijua wapige kura gani, maana wakurugenzi wanapendekeza gawio la shilingi milioni 10.

Ndani ya kitabu mna karatasi ya muhtasari kutoka kwa menejimenti. Inasema hivi: faida kabla ya kodi ni milioni 35, ilhali 2023 ilikuwa hasara ya milioni 17. Mikopo imeshuka kutoka milioni 166 hadi 153. Pesa taslimu na za benki zimepanda kutoka milioni 4 hadi 5.

Nimelinganisha kila tarakimu na hesabu zenyewe, zote zinaafikiana. Lakini sisi ni majirani wa hoteli hiyo. Wavuvi wanaowapelekea samaki wanasema siku hizi wanalipwa kwa kuchelewa sana. Biashara iliyotoka kwenye hasara ikaingia kwenye faida ya milioni 35 inashindwaje kumlipa mvuvi? Naogopa kutafsiri karatasi ile kama ilivyo na kuwasomea wazee.

nahodha_mstaafu

Mwanangu, wewe hapo umeshajijibu. Benki mna milioni 5, gawio wanalotaka kutoa ni milioni 10. Faida ni maneno ya karatasi, pesa ndizo hazidanganyi. Waandikie wazee mstari huo mmoja, basi.

mnunuzi_barani

Hizo hisa mnauza? Mimi niko tayari kusikia bei, hasa kama faida imefika 35.

kijana_wa_shella

Hatuuzi, ndugu yangu. Swali langu ni jinsi ya kufupisha hesabu tu. Nahodha, nashukuru, lakini ami yangu mmoja atauliza milioni 35 zimekwenda wapi, na mstari mmoja hautamtosha.

mkaguzi_langoni

Wa alaykum salaam. Nimekagua hesabu za kampuni kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Lamu. Huyo ami yako ndiye anayeuliza swali linalofaa, na jibu lake limo ndani ya kitabu.

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Watu wengi hukimbilia chini penye baki. Wewe anzia juu kabisa, palipoandikwa faida kabla ya kodi, uninakilie mistari yote hadi mwisho. Halafu kutoka kwenye taarifa ya mapato nipe faida ya uendeshaji ya miaka yote miwili, yaani ile iliyopo kabla riba haijatolewa.

kijana_wa_shella

Hii hapa, kwa mamilioni. Zilizo ndani ya mabano ni za kutoa.

Faida kabla ya kodi: 35
Uchakavu wa majengo na vifaa: 14
Gharama ya riba: 15
Faida ya ubadilishaji wa fedha za kigeni: (27)
Ongezeko la wadaiwa: (15)
Kodi iliyolipwa: (2)
Fedha kutokana na uendeshaji: 20
Ununuzi wa mali za kudumu: (18)
Riba iliyolipwa: (15)
Mkopo mpya wa muda mfupi: 14
Ongezeko la fedha: 1

Faida ya uendeshaji ni 23. Mwaka 2023 ilikuwa 31.

mkaguzi_langoni

Sasa tunaona. Tazama mstari wa nne, milioni 27 za ubadilishaji wa fedha za kigeni. Bila shaka kampuni ina mkopo wa dola. Ni dola ngapi?

kijana_wa_shella

Maelezo ya mikopo yanasema dola milioni moja, kutoka benki moja, na hadi mwisho wa 2024 walikuwa wanalipa riba tu. Juu yake kuna mkopo wa muda mfupi wa shilingi, uliotoka milioni 10 ukafika 24.

mkaguzi_langoni

Basi hadithi nzima ya karatasi ile inatoka kwenye mkopo huo.

Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa shilingi 123 na ushei. Mwisho wa 2023 ilikuwa 156 na ushei. Mwisho wa 2024 ikawa 129 na ushei. Sheria ya uhasibu inataka deni la dola ligeuzwe shilingi kwa bei ya siku ya mwisho ya mwaka, na tofauti iingie kwenye faida au hasara ya mwaka huo. Kwa hivyo 2023 deni lile lile la dola milioni moja lilipanda kutoka shilingi milioni 123 hadi 156, na kampuni ikaandika hasara ya 33. Mwaka 2024 likashuka hadi 129, ikaandika faida ya 27. Katika miaka yote miwili hakuna aliyelipa wala kupokea hata shilingi moja kwa sababu hiyo.

Ziondoe pande zote mbili uone biashara yenyewe. Mwaka 2023: faida ya uendeshaji 31, toa riba 15, inabaki 16. Mwaka 2024: 23 toa riba 15, inabaki 8. Ule mwaka ulioitwa wa hasara ndio hoteli ilifanya kazi vizuri, na huu unaosifiwa ndio faida ya kazi imepungua kwa nusu.

Hiyo ndiyo sababu nilikwambia uanzie juu ya mtiririko wa fedha. Kila kitu kilichopandisha faida bila kuleta pesa lazima kitolewe pale, kwa jina lake. Kampuni nyingine utakuta ni ongezeko la thamani ya kiwanja. Kwenu ni dola.

mwalimu_wa_hesabu

Kwa hivyo jibu ni rahisi. Aandike faida ya 2024 ni milioni 8, na 35 asiitaje kabisa. Ni faida ya uongo.

mkaguzi_langoni

Mwalimu, nusu nakubali, nusu nakataa. Nane lazima iandikwe, tena pamoja na 16 ya mwaka uliotangulia. Ukiondoa faida ya dola ya 2024 ukaiacha hasara ya dola ya 2023, utakuwa umelinganisha vitu viwili tofauti, na utapata "hasara ya 17 imekuwa faida ya 8", ambayo pia inapotosha.

Lakini 35 si uongo. Siku ya mwisho ya mwaka, mwenye shilingi alihitaji shilingi chache zaidi kuzima deni lile kuliko mwaka mmoja nyuma. Hilo lilitokea kweli. Pia 35 ndiyo tarakimu iliyokaguliwa, wazee wataisikia ukumbini. Wasipoiona kwenye ukurasa wako, watadhani umeificha.

mwalimu_wa_hesabu

Mimi bado naona mzee akisoma 35 kwenye mstari wa kwanza, nane haitamwingia tena. Itangulie 8.

mkaguzi_langoni

Hapo ni suala la mwandishi na wasomaji wake. Mimi hutanguliza ya kitabuni kisha nikaieleza. Wengine hufanya unavyosema.

bibi_wa_mkomani

Samahani naingilia. Mimi nina nyumba ya wageni hapa Lamu mjini, vyumba vichache. Wageni wangu wengi hulipa kwa euro kupitia mawakala. Mwaka 2024 shilingi ilipopata nguvu, euro zile zile niliziuza benki kwa shilingi chache, na umeme na mishahara havikushuka. Sina mkopo wa dola, kwa hivyo sikupata hiyo faida ya karatasi, nilipata hasara ya kweli tu. Je, ningekuwa na mkopo wa dola ningesalimika?

mkaguzi_langoni

Bibi, umegusa jambo linalomhusu kijana pia. Mwenye mapato ya euro au dola na deni la dola hulipa deni kwa pesa za aina ile ile anayopokea, au iliyo karibu nayo. Shilingi ikipanda, mapato yake kwa shilingi hupungua na deni lake kwa shilingi hupungua. Lakini mapato hupungua leo, msimu huu, na nafuu ya deni huja kidogo kidogo kadiri anavyolipa. Ndiyo maana hoteli ile faida ya uendeshaji imeshuka kutoka 31 hadi 23 mwaka ule ule ilioandika faida ya dola. Sitakushauri ukope dola kwa sababu hiyo. Nyumba ya vyumba vichache yenye msimu mfupi haiwezi kubeba awamu za kila mwezi wakati wa masika.

Kijana, tafuta kwenye maelezo kama mapato yamegawanywa kwa aina ya fedha.

kijana_wa_shella

Nimepata. Zaidi ya nusu ni euro na dola, hawakusema ngapi hasa. Sasa deni. Je, niseme limepungua au halikupungua?

mkaguzi_langoni

Liseme kwa fedha lililokopwa. Dola milioni moja mwanzo wa mwaka, dola milioni moja mwisho wa mwaka. Halafu mkopo wa shilingi umeongezeka kwa milioni 14. Kwa hivyo upungufu wa 13 kwenye karatasi ya menejimenti ni kazi ya bei ya dola: 27 zilishuka zenyewe, 14 mpya zikakopwa. Wape wazee na kipimo cha kushika kichwani: kila dola inapopanda kwa shilingi moja, deni hupanda kwa shilingi milioni moja.

Lakini jumla ya deni si habari kubwa kuliko tarehe zake. Angalia mizania, upande wa madeni ya kulipwa ndani ya miezi 12. Mkopo wa dola una sehemu gani hapo? Na ilikuwa ngapi mwaka uliotangulia?

kijana_wa_shella

Mwaka 2023 ilikuwa sifuri. Sasa ni milioni 26. Maelezo yanasema dola laki mbili zitaanza kulipwa 2025.

nahodha_mstaafu

Lahaula. Na mtu anataka gawio.

mkaguzi_langoni

Hiyo 26 ndiyo tarakimu ambayo mimi ningeipigia mstari katika kitabu kizima, na karatasi ya menejimenti haikuitaja. Muda wa kulipa riba peke yake umekwisha. Mwaka 2025 wanahitaji 26 za mkopo na kama 15 za riba, jumla 41, kabla ya kugusa mkopo mfupi wa 24 ambao benki inaweza kukataa kuuhuisha.

Sasa tazama wana nini cha kulipia. Kitabu kinasema fedha kutokana na uendeshaji ni 20. Nahodha alisema pesa hazidanganyi, na kwa jumla yake ni kweli, lakini mahali zinapopangwa ni hiari ya mwenye hesabu. Kiwango cha uhasibu cha IAS 7 kimeruhusu kampuni kama hii kuweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji au kwenye ugharamiaji, yaani sehemu ya mikopo na mtaji. Hawa wameiweka chini, kwenye ugharamiaji, ndiyo maana 20 inapendeza. Ni halali kabisa, na kuanzia 2027 kiwango kipya cha IFRS 18 kitazitaka kampuni nyingi zisizo benki ziiweke huko huko. Wewe kwenye ukurasa wako ishushe mwenyewe: 20 toa 15, zinabaki 5. Hoteli ilizalisha milioni 5 baada ya kuwalipa wenye mikopo riba yao tu. Kisha ikanunua vifaa vya milioni 18. Pengo la 13 likazibwa kwa kukopa 14, na ile moja iliyobaki ndiyo "ongezeko la pesa" mlilotangaziwa.

mwalimu_wa_hesabu

Hizo 18 si za kulaumu lakini. Hoteli ya ufukweni chumvi inakula kila kitu. Usipobadilisha paa na jenereta, mgeni harudi.

mkaguzi_langoni

Kweli, na uchakavu wa 14 unaonyesha kwamba 18 si matumizi ya anasa. Ndiyo maana siwezi kusema "mwakani wasinunue kitu, pesa zitatosha". Labda sehemu yake ilikuwa ya mara moja. Kitabu kina orodha ya nyongeza za mali za kudumu, lakini haisemi ipi ilikuwa lazima.

Bado mstari mmoja: wadaiwa wameongezeka kwa 15. Ni akina nani?

kijana_wa_shella

Mawakala wa safari. Walikuwa wanadaiwa 21, sasa 36. Kampuni imetenga milioni 1 tu kwa wasioweza kulipa.

bibi_wa_mkomani

Hapo ndipo mimi napajua. Mawakala wazuri hulipa siku 30, wengine 60 baada ya mgeni kuondoka. Wageni wa Desemba hulipiwa Februari, kwa hivyo mwisho wa mwaka deni la mawakala huwa kubwa siku zote, hilo lisikutishe. Linalotisha ni kama mwisho wa 2023 pia ulikuwa msimu mzuri na deni lilikuwa 21 tu. Maana yake kuna wageni wa Agosti ambao mpaka leo hawajalipiwa. Mimi wakala mmoja wa ng'ambo alifunga ofisi na pesa zangu. Barua pepe zilianza kujibiwa kwa kuchelewa, kisha kimya. Milioni 1 kwa 36 ni ndogo, wallahi.

mkaguzi_langoni

Bibi amesema vizuri kuliko kitabu. Tafuta jedwali la umri wa madeni, kwa kawaida liko nyuma, kwenye maelezo ya hatari za kifedha. Linaonyesha ni kiasi gani kimepita siku 90. Kama zote 15 zitaingia mwanzoni mwa 2025, pengo linapungua sana. Kama ni za Agosti, hata zile 8 za faida si salama.

kijana_wa_shella

Jedwali lipo lakini limeandika "hadi siku 90" na "zaidi ya siku 90" kwa mwaka 2023 pekee. Safu ya 2024 ina jumla tu, 36. Nimemwandikia katibu wa kampuni.

Huu ndio ukurasa wangu. Nisomeeni kwa jicho kali:

"Kitabu kinaonyesha faida kabla ya kodi ya milioni 35, na hasara ya milioni 17 mwaka 2023. Tofauti hiyo imetokana na bei ya dola kwenye mkopo wetu. Bila dola, hoteli ilipata milioni 16 mwaka 2023 na milioni 8 mwaka 2024. Kazi ya hoteli imeleta faida ndogo zaidi.

Deni kubwa ni dola milioni moja na halijapungua. Kwa shilingi linaonekana dogo kwa sababu dola imeshuka. Mkopo wa shilingi umepanda kutoka milioni 10 hadi 24. Mwaka 2025 tunaanza kulipa mkopo wa dola, milioni 26, pamoja na riba ya karibu milioni 15.

Pesa zilizotokana na hoteli baada ya kulipa riba na kodi ni milioni 5. Vifaa vilivyonunuliwa ni milioni 18. Pengo lilizibwa kwa mkopo. Mawakala wanatudai milioni 36, na hatujui ni ngapi za zamani.

Gawio linalopendekezwa ni milioni 10. Benki mna milioni 5."

mkaguzi_langoni

Rekebisha jambo moja: umeandika "mawakala wanatudai". Wao ndio wanaodaiwa na sisi. Mzee akisoma hivyo ataongeza 36 kwenye madeni.

Pia fungu la mwisho lipe sentensi moja zaidi. Milioni 20 za uendeshaji dhidi ya 41 za riba na mkopo mwaka 2025, na bado hakuna aliyenunua hata bomba. Wazee waulize: awamu za dola zitalipwa kwa nini? Wakurugenzi huenda wana jibu, pengine wameshaafikiana na benki kusogeza tarehe. Makubaliano ya baada ya mwisho wa mwaka huandikwa kwenye maelezo ya matukio yaliyofuata. Umeyasoma?

kijana_wa_shella

Nimeyasoma. Yanasema hakuna tukio la kuripoti. Nimesahihisha ya mawakala, na sentensi ya 20 na 41 nimeiweka.

nahodha_mstaafu

Na je, dola ikirudi 150?

mkaguzi_langoni

Kwa kipimo kile kile, deni linapanda kwa karibu shilingi milioni 21, na kitabu cha mwaka huo kitaandika hasara ya dola hata hoteli ikijaa. Wakati huo huo euro na dola za wageni zitaleta shilingi nyingi. Upande upi utazidi, bila mgawanyo wa mapato siwezi kukupa jibu.

mwalimu_wa_hesabu

Mimi bado nasema 8 itangulie.

kijana_wa_shella

Mwalimu, nakala ya ami nimetanguliza 35, maana ndiye aliyeiuliza. Ya mama nimetanguliza 8. Katibu hajajibu kuhusu umri wa madeni, na mkutano ni Jumamosi. Asipojibu, ndilo swali letu la kwanza ukumbini, kabla ya kura ya gawio.

bibi_wa_mkomani

Muulizeni na majina ya mawakala. Mmoja wao huenda ni yule yule wangu.